Hapana, muhogo hautazima jeni zako: hizi RNA ndogo zinafanya kazi aje

Juzi jioni nilikuwa nimesimama kwa mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga pale Kawangware, ile ya kupasuliwa katikati ikamwagiwa pilipili na ndimu, na kijana mmoja mwenye bodaboda akaanza kumwambia jamaa mwenzake, "Buda, hii ya kawaida kula tu, lakini ile ya GMO usiguse, hiyo wameiweka kitu cha kuzima jeni, ukiikula inaingia ndani inaanza kuzima zako." Mama akacheka, lakini niliona wateja wawili wakiangalia karatasi zao za mihogo kama zimewaambia kitu kibaya. Nikajaribu kueleza nikiwa nimesimama na pilipili mdomoni, ikanishinda. Sasa naeleza nikiwa nimekaa.

Kwanza niseme kijana hakutoa hiyo stori hewani. Kuna muhogo wa GMO, yaani uliowekewa jeni maabara, unaitwa 4046, na mwezi wa 6 mwaka wa 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya hapa Kenya iliupa idhini ya kupandwa shamba la wazi kwa majaribio ya kitaifa, baada ya Kalro, taasisi ya utafiti wa kilimo, kuomba. Na ni kweli unafanya kazi kwa kuzima kitu. Shida ni hapo kwa "kitu", juu watu wakisikia kuzima wanafikiria swichi, mtu anaingia kwa nyumba anabonyeza, giza. Sivyo inavyoenda.

Tuanze na maneno, ni machache. Jeni kwa kawaida ni maagizo ya kutengeneza protini fulani, yameandikwa kwa DNA, na DNA inakaa ndani ya kiini cha seli haitoki. Ifikirie kama hati ya shamba imefungiwa benki. Ukitaka kazi ifanyike hutoi hati, unatoa fotokopi unampelekea fundi. Hiyo fotokopi ndio inaitwa RNA mjumbe. Inatoka kwa kiini, inafika nje kwa fundi anaitwa ribosomu, ribosomu anaisoma anatengeneza protini. Jeni moja inaweza kutoa fotokopi nyingi, na kila fotokopi inasomwa mara nyingi kabla ichakae itupwe.

Sasa, siRNA na maikroRNA ni vipande vidogo sana vya RNA, herufi 20 na kitu hivi, ilhali RNA mjumbe ya kawaida ina herufi elfu na zaidi. Hivi vidogo havitengenezi protini yoyote. Kazi yao ni kutafuta fotokopi. Hati iko benki, haijaguswa, lakini kila fotokopi ikitoka inadakwa njiani kabla fundi amalize kuisoma. Hiyo ndiyo maana ya kuzima kwa hii stori, na ukiishika hiyo moja nusu ya uvumi inaanguka yenyewe. (Kwa mimea kuna tawi lingine la hizi RNA ndogo ambalo hufika mpaka kwa DNA na kuiwekea alama, lakini hilo ni la siku nyingine, halihusu jinsi huu muhogo unavyopigana.)

Turudi shambani. Ugonjwa wenyewe unaitwa michirizi kahawia, na wazee wa Pwani wanaujua, uliandikwa mara ya kwanza 1936 kutoka Amani kule Tanganyika. Ubaya wake ni ujanja. Majani yanaweza kukaa poa kabisa, labda manjano kidogo pembeni mwa mishipa ya jani, wewe unapalilia unasubiri, mwaka ukiisha unang'oa unakata mzizi ndani unapata umeoza, madoadoa ya kahawia makavu kama kizibo cha chupa. Unasababishwa na virusi wa aina mbili ambao ni ndugu, wanaletwa na nzi weupe na pia na vipande vya mashina tunavyopeana majirani tukipanda. Na hao virusi hawana DNA hata kidogo, maagizo yao yote yameandikwa kwa RNA.

Hapo ndipo inaanza kunoga. RNA kwa kawaida ni uzi mmoja. Lakini virusi wa RNA wakijinakili ndani ya seli kuna wakati uzi wa kwanza unalalia uzi wa pili unaolingana nao, A ikishika U na G ikishika C, mpaka unapata RNA ndefu ya nyuzi mbili. Seli ya mmea ikiona hicho kitu inakichukulia kama mgeni. Kuna kimeng'enya kinaitwa Daisa, kinashika hiyo RNA ya nyuzi mbili na kuikata vipande vya herufi 21 hadi 24, kama mtu anakata sukuma wiki. Hivyo vipande ndivyo siRNA.

Kipande bado kina nyuzi mbili. Kinapokewa na protini inaitwa Agonauti, na Agonauti inatupa uzi mmoja, inabaki na mmoja. Huo uliobaki ndio mwongozo. Hapa fikiria soja wa geti: umempa picha ya mwizi, sasa anakaa hapo akilinganisha kila sura inayopita. Agonauti na mwongozo wake wanapekua RNA zinazopita kwa seli, wakipata moja ambayo herufi zake zinashikana na za mwongozo mwanzo mpaka mwisho, Agonauti inaikata. Na inakata mahali maalum, kati ya herufi inayokabili ya 10 na inayokabili ya 11 ukihesabu kutoka mwanzo wa mwongozo. Vile vipande viwili vilivyokatwa vinabaki na ncha wazi na seli inavila haraka. Mwongozo haumaliziki, unaenda kwa RNA nyingine na nyingine, picha moja inashika wezi wengi.

Kwa hivyo muhogo wa kawaida tayari unajua kupigana. Mbona basi unaoza? Kwa sababu virusi ni wengi na wako mbio, na zaidi ya hapo wanabeba protini ya kuvuruga hiyo mashine, ni kama mwizi anakuja na kitu cha kumlewesha soja. Picha zinaanza kuchapishwa wakati nyumba imeshaibiwa. Walichofanya waliotengeneza 4046 ni kupeana picha mapema. Walichukua herufi za jeni ya ganda la virusi, kutoka kwa ndugu wote wawili, wakaziweka kwa DNA ya muhogo mara mbili, moja imeandikwa mbele na nyingine imegeuzwa, ili RNA yake ikitoka ijikunje yenyewe iwe nyuzi mbili. Daisa anaikata. Sasa mmea unaishi siku zote ukiwa na siRNA za ganda la virusi kabla hata nzi mweupe wa kwanza atue, na virusi akifika RNA yake inakatwa kabla azaane vya kutosha kuleta hiyo protini ya kuvuruga. Na ona, hiyo sehemu iliyowekwa kupigana na virusi haitoi protini ya virusi, inatoa RNA ya kukatwa tu.

Unajuaje imefanya kazi na si bahati? Unatoa RNA kwa jani, unaipanga kwa ukubwa, unatafuta vile vipande vya herufi 21 hadi 24 vyenye herufi za ganda la virusi, na lazima vionekane kwa mmea ambao hata haujaambukizwa. Halafu unapima kama RNA ya virusi iko. Halafu unasubiri miezi 12, unang'oa, unakata mizizi na kuangalia kwa macho, ule mtihani wa mkulima wenyewe. Mmea wenye jani safi na mzizi uliooza umefeli, vyovyote maabara iseme.

Sasa maikroRNA, juu hizi ndizo watu wanachanganya na siRNA, na hizi ziko ndani yako saa hii unavyosoma. Hazitoki kwa mgeni, ziko kwa DNA yako mwenyewe. RNA ya jeni ya maikroRNA ikitoka inajikunja kama pini ya nywele. Kwa sisi binadamu kimeng'enya kinaitwa Drosha kinaipunguza ikiwa bado ndani ya kiini, inatolewa nje, halafu inakutana na nani? Daisa, yule yule. Anakata kichwa cha pini, inabaki kipande cha herufi 22 hivi, kinaenda kwa Agonauti. Yaani njia mbili tofauti zinaingilia geti moja.

Ilichukua muda watu kuona hili. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliandika kuhusu ya kwanza 1993, kwa mnyoo wa urefu wa milimita moja, wengi wakasema sawa, ni mambo ya minyoo. Mwaka wa 2000 ikapatikana ya pili inaitwa let-7, wakaangalia kwa wanyama wengine wakaipata, binadamu akiwemo, herufi kwa herufi. Hao wawili walipewa Nobel 2024. Stori ya RNA ya nyuzi mbili ni ya Andrew Fire na Craig Mello, pia kwa mnyoo huo huo, 1998, na Nobel yao ilikuwa 2006. Mnyoo umefanya kazi kweli.

Acha tuitumie hiyo let-7 kama mfano, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho maelezo mengi yanakosea. Hii hapa, na chini yake RNA mbili ambazo inaweza kukutana nazo. Nukta ni mahali herufi hazishikani, 5' ni mwanzo wa uzi na 3' ni mwisho wake:

```
let-7    5'-UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU-3'
shabaha1 3'-ACUCCAUCAUCCAACAUAUCAA-5'
shabaha2 3'-.CUCCAUC..............-5'
```

Shabaha ya kwanza inashikana yote 22. Ya pili inashikana herufi ya 2 mpaka ya 8 peke yake, hizo saba tunaziita mbegu ya mwongozo. (Kwa uhalisi mara nyingi kuna kushikana kidogo huko mbele pia, nimerahisisha.) Kwa wanyama, karibu kila mahali maikroRNA inapofanya kazi ni kama ile ya pili, mbegu inashika na sehemu ya katikati inaachana. Na kwa vile katikati ndipo kisu hukata, pale kwa ya 10 na 11, kisu hakina pa kukatia.

Kwa hivyo inafanya nini ikishashika? Agonauti inabaki imekalia ile RNA mjumbe, hasa sehemu ya mwisho ambayo ribosomu hata haisomi, na inaita protini nyingine zije. Hizo zinaanza kula mkia. Kila RNA mjumbe ina mkia wa herufi A nyingi zimefuatana, na huo mkia ni kama bando la data, ukiwa mrefu unasurf, ukiisha umeisha. Mkia ukiliwa, kofia inayolinda ncha ya mbele inang'olewa, na RNA yote inamezwa. Na hata kabla imezwe, kusomwa kwake kunakuwa kumepungua. Hakuna mkasi hapo, ni kunyongwa polepole.

Watu wengi sasa wanaandika "siRNA hukata, maikroRNA hubana" kama ni makabila mawili. Lakini 2002 kuna watafiti, György Hutvágner na Phillip Zamore, walichukua let-7 ya seli za binadamu, ile ile ya asili, wakaipa shabaha kama ya kwanza hapo juu, inayolingana yote. Ikakata! Kwa hivyo si jina la mwongozo linaloamua, ni jinsi unavyolingana na ulichokishika (na pia ni Agonauti gani imekubeba, binadamu tuna nne na ya 2 ndiyo yenye kisu cha maana). Ukigeuza upande wa pili inauma: siRNA uliyoitengeneza vizuri kabisa kwa lengo moja inaweza kupata RNA nyingine isiyohusika ambayo inashikana nayo kwa herufi saba za mbegu tu, na hapo inajifanya maikroRNA na kuibana. Saba ni chache, unazikuta kwa RNA nyingi sana. Hii ndiyo shida halisi wanaotengeneza dawa za siRNA wanakesha nayo, na kama unataka kuogopa kitu kwa hii mada, ogopa hiyo angalau ina miguu.

Kitu kingine, kuzima hapa si sifuri. maikroRNA moja ikishika shabaha yake kwa kawaida protini inapungua kidogo, mara nyingi hata haifiki nusu. Ni kama kupunguza moto wa jiko, ugali bado unaiva.

Haya, sasa swali la yule kijana. Umekula muhogo wenye siRNA, zikufikie seli zako zikuzime?

Chukua kwanza muhogo wa kawaida wenye ugonjwa, ule umeliwa Pwani miaka mingi. Si nimesema mmea hujitetea wenyewe? Huo muhogo mgonjwa umejaa siRNA za virusi huyo huyo, pamoja na virusi mwenyewe. Sukuma, maharage, nyama, kila kitu kilichowahi kuwa hai kina RNA ndogo zake na unakula kila siku. RNA ni kitu laini, mate yana vimeng'enya vya kuikata, tumbo lina asidi, matumbo yana vimeng'enya zaidi, na hapo bado hujahesabu sufuria ilivyochemka. Kikibaki kipande, lazima kipite ukuta wa utumbo, kisafiri kwa damu, kiingie ndani ya seli, na kiwe na nakala mamia kwa seli moja, la sivyo hakisukumi kitu. Halafu mmea una mashine ya kuzalisha siRNA zaidi kutoka kwa zile chache, na mnyoo pia anayo. Sisi hatuna.

Ushahidi mzuri zaidi naupata kwa wale wanaotaka siRNA iingie, na wanalia. Kuna dawa inaitwa inklisirani, ya kolesteroli. Ni siRNA kabisa, inalenga RNA mjumbe ya PCSK9, protini inayopunguza vipokezi vya kolesteroli kwa ini, ili ini libaki na vipokezi vingi vya kufagia kolesteroli mbaya kwa damu. Kuifanya ifike walilazimika kubadilisha kemia ya herufi zake ili isikatwe njiani, wakaifunga na sukari maalum ambayo seli za ini zina mlango wake, na hata hivyo hupewi kama kidonge, ni sindano chini ya ngozi, miligramu 284, ya kwanza leo, ya pili baada ya miezi 3, halafu kila miezi 6. Inashusha hiyo kolesteroli karibu nusu. Kama kula RNA ingetosha, hao watu wangeuza uji.

Lakini nisimdharau kijana, kuna mahali hiyo hofu imetoka. Yule mnyoo wa Fire na Mello kweli ukimlisha RNA ya nyuzi mbili jeni yake inazimika, ana mlango wa kuipokea kwa utumbo. Kuna mahindi pia yametengenezwa Amerika yenye RNA ya kumuua mdudu anayekula mizizi, na anakufa kwa kula. Na karibu 2012 kuna utafiti uliosema maikroRNA ya mchele imeonekana kwa damu ya watu na inagusa kolesteroli, ukasambaa sana, wengine wakarudia kutafuta kwa wanyama waliolishwa wakakosa, au wakapata kidogo mno. Habari ya kwanza ilifika kila mahali, ya pili haikutoka nje ya ofisi.

Na hata ikifika, lazima ipate cha kushika. Herufi za ganda la virusi wa muhogo zilichaguliwa kwa virusi, na ili zikate RNA yako zinahitaji kulingana nayo karibu zote 21. Hii ni kitu ya kuangaliwa kwa kompyuta, na ni moja ya vitu vinavyoangaliwa kabla ya idhini.

Mambo ambayo 4046 haiwezi ni mengine kabisa. Soja ana picha ya mtu mmoja, mwingine akija anapita. Ugonjwa wa batobato, ule wa majani kujikunja, unaletwa na virusi wa DNA wasiohusiana na hawa, kwa hivyo siRNA za ganda hazimtambui kabisa. Kibaya zaidi, aina ya muhogo waliyoanza nayo, TME 204, ilikuwa na kinga yake ya asili dhidi ya batobato, lakini ile hatua ya kukuza mmea upya kutoka kwa seli chache maabara iliifuta hiyo kinga. Hiyo si kosa la RNA, ni la maabara, na dawa yake ni ya kizamani: kuuzalisha na aina nyingine zenye kinga ya batobato mpaka watoto wapate zote mbili. Na wale ndugu wawili wa michirizi kahawia wanabadilika, ndio maana waliwekwa wote wawili na kipande kirefu cha ganda, ili siRNA ziwe nyingi za sehemu tofauti na herufi chache zikibadilika zingine zibaki zinashika.

Nilirudi kwa yule mama jana. Akaniuliza kama hizi zake ni hizo. Nikamwambia muulize aliyekuuzia mashina yametoka wapi, halafu nikamwomba apasue mmoja mbichi tuone ndani. Ulikuwa na doa la kahawia pembeni. Akalikata akatupa, zingine akaweka kwa mafuta.